Ratiba ya basi Arusha–Dar niliyoipiga picha: naiandikaje kwa Kiarabu bila kuharibu majina ya vituo na saa?

#1 KaratasiNaGundi (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nina picha ya ratiba iliyobandikwa ukutani, safari mbili za basi kutoka Arusha kwenda Dar, moja ya asubuhi na moja ya usiku. Saa zake ni za mfumo wa 24. Kuna kundi la wageni, wengi Wamisri na Waomani wachache, wanataka karatasi moja ya A4 kwa Kiarabu. Nimepitisha picha kwenye kitafsiri cha simu, kimenipa kitu ambacho hata mimi nisiyejua Kiarabu sana nahisi kina walakini. Nilichokisoma kwenye picha ni hiki:

```
ARUSHA         06:00         19:00
USA RIVER      06:35         -
BOMA NG'OMBE   07:20         20:20
MOSHI          07:50-08:10   20:50-21:10
HIMO           08:45         21:45
SAME           10:05         23:05
MOMBO          11:50         00:50
KOROGWE        12:30         01:30
CHALINZE       15:15         04:15
DAR (MBEZI)    17:45         06:45 +1
```

Nianzie wapi? Karatasi inatakiwa kesho kutwa.

#2 Mzee_wa_Irabu

Ndugu yangu, kabla ya yote tubandikie hayo majibu ya kitafsiri. Nakisia mistari miwili imeharibika kwa namna ya kuchekesha: USA RIVER na SAME.

#3 KaratasiNaGundi

Umepatia mzee. Usa River imekuwa نهر الولايات المتحدة na Same imekuwa نفسه. Nilipobadilisha nikakiambia lugha ya picha ni Kiswahili, Same ikapona lakini Moshi ikawa دخان.

#4 Mzee_wa_Irabu

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwa herufi kubwa tupu, USA RIVER inasomeka kama mto wa Marekani, na SAME ni neno la Kiingereza lenye maana ya "vilevile". Ukikiambia ni Kiswahili, kinaona moshi wa kuni. Kitafsiri hakijui kwamba safu ya kwanza ni majina. Kwa hiyo safu ya majina usiitafsiri kabisa, iandike kwa mkono kwa kufuata sauti. Kinachotafsiriwa ni maneno ya kawaida tu: "kufika", "kuondoka", "haisimami", "kesho yake".

Mimi ningeandika hivi:

```
أروشا
أوسا ريفر
بوما نغومبي
موشي
هيمو
سامي
مومبو
كوروغوي
تشالينزي
دار السلام (مبيزي)
```

Usa River usiifanye نهر أوسا hata kama ni sahihi kwa maana. Mgeni atamwambia kondakta "Nahar Usa" na kondakta atamtazama tu. Boma Ng'ombe nayo usimwandikie zizi la ng'ombe. Jina la kituo kazi yake ni kutamkika na kusikika.

Dar ni kinyume chake. Usiandike دار إس سلام kwa kufuata sauti herufi kwa herufi. Jina lenyewe asili yake ni Kiarabu, linarudi nyumbani kwake: دار السلام. Na Mbezi iwepo, maana mgeni anaposhuka pale stendi ya Magufuli anatakiwa ajue hajafika katikati ya jiji. Waarabu hawana mazoea ya neno kuanza na konsonanti mbili, kwa hiyo مبيزي wengine wataisoma "Mubezi". Ukiweka sukuni juu ya mim (مْبيزي) inasaidia kidogo.

#5 shekhe_wa_Majengo

Ndugu mbona mnajisumbua. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Herufi ya "ch" ni چ, ya "p" ni پ, ya "v" ni ڤ. Chalinze unaandika چالينزي na imekwisha.

#6 Mzee_wa_Irabu

Shekhe, hayo ni kweli kwa Mswahili anayesoma Kiswahili. Hapa msomaji ni Mmisri. Kwake چ ni ile sauti ya "j" laini ya kigeni, kwa hiyo Chalinze yako ataitamka kama "Zhalinze". Ndiyo maana natumia تش, herufi mbili ambazo kila msomaji wa Kiarabu anazijua na ambazo zipo kwenye kila simu.

Penye ugomvi wa kweli ni "g". Kiarabu sanifu hakina hiyo sauti. Ukiandika Korogwe kwa غ, Muomani na Mmisri wote wataisoma kwa "gh", siyo mbali sana. Ukiiandika kwa ج, Mmisri ataisoma "g" safi kabisa lakini wengi wa nchi nyingine watasoma "Korojwe". Kwa kundi lililochanganyika nachagua غ kwa sababu kosa lake ni dogo kwa kila mtu. Kama wangekuwa Wamisri watupu ningefikiria ج.

Tahadhari moja kwa wale wa njia ya Tanga: andikeni تانغا, msiandike طنجة. Hiyo ya pili ni mji wa Moroko.

#7 Mpare_halisi

Mimi nina neno kuhusu Same. سامي ni jina la mwanamume, Sami. Mgeni atauliza "hapa ni Sami?" Sisi kwetu ni Sa-me, mwisho ni "e". Kwa nini isiandikwe سامه?

#8 Mzee_wa_Irabu

Kwa sababu ه mwishoni bila nukta mbili wengine wataisoma "Samah" au "Samuhu". Kiarabu hakina herufi ya "e" fupi ya mwisho, unachagua kati ya makosa mawili. Nimechagua ي kwa kuwa Korogwe na Chalinze nazo zimeishia hivyo, basi msomaji atazoea haraka kwamba ي ya mwisho kwenye karatasi hii inaweza kuwa "e".

#9 Mpare_halisi

Bado sikubaliani, ila sawa. Angalau weka na jina la herufi za Kilatini pembeni.

#10 mama_tiketi (Arusha)

Hilo la Mpare ndilo la msingi kuliko yote, wanangu. Ubao wa mbele ya basi umeandikwa Kilatini. Tiketi imeandikwa Kilatini. Mgeni akiwa na Kiarabu peke yake hana cha kulinganisha. Weka safu mbili za majina, moja Kiarabu na moja kama lilivyo kwenye picha, herufi kwa herufi, hata ile alama ya ng' usiifute.

Halafu kwenye saa kuna jambo hamjaligusa. Wateja wa huku wanasema saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo 06:00 muandikie 12:00 ili afanane na watu wa stendi.

#11 Tarakimu24

Mama shikamoo. Sehemu ya kwanza nakuunga mkono kabisa, ya pili hapana. Mwarabu wa leo anasoma saa kama ilivyo kwenye simu yake: 06:00 ni saa sita ya alfajiri kwake, tofauti na sisi kwa saa sita kamili. Ukimwandikia 12:00 kwenye karatasi iliyosema mfumo wa 24, atafika adhuhuri. Basi la saa moja usiku ukimwandikia 01:00 atafika baada ya usiku wa manane. Ratiba ibaki kama picha.

Lakini hoja yako ina nusu ya kweli, kwa sababu mpiga debe atamwambia "saa moja" naye ataona 19:00. Kwa hiyo chini ya jedwali weka mstari mmoja wa kumwonya kwamba watu wa hapa kwa mazungumzo huhesabu saa kwa tofauti ya saa sita, na kilicho kwenye karatasi ndicho cha kufuata. Kwa Kiarabu:

```
الأوقات بنظام 24 ساعة بتوقيت تنزانيا.
الناس هنا يعدّون الساعات بفارق ست ساعات: 06:00 يسمّونها الساعة 12 صباحاً.
```

(Wazee wa Kiarabu wa zamani nao walihesabu tangu jua linapotua, magharibi ikiwa saa 12. Babu wa Kiomani angetuelewa bila karatasi.)

#12 mama_tiketi (Arusha)

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Ila mjue pia kuna mbao zilizoandikwa kwa mkono zenye saa za Kiswahili katikati ya saa za 24. Mtu akiona 12:00 ajue ni ipi.

#13 Tarakimu24

Inajulikana kwa mstari wa juu na wa chini yake. Kama Boma Ng'ombe ni 07:20 na Moshi imeandikwa 01:50, basi hiyo 01:50 ni saa ya Kiswahili, maana yake 07:50. Ukishuka safu, muda haurudi nyuma isipokuwa mara moja tu, unapovuka usiku wa manane. Ukirudi nyuma mara mbili, kuna kosa.

Na hiyo inanileta kwenye jambo kubwa zaidi, kusoma picha yenyewe. Angalia safu ya usiku ya KaratasiNaGundi: Usa River ina kistari tu, basi halisimami. Programu nyingi za kusoma maandishi kwenye picha huona kistari kama uchafu na kukitupa. Kikitupwa, 20:20 ya Boma inapanda kuwa ya Usa River, ya Moshi inakuwa ya Boma, na kuendelea mpaka Dar inabaki tupu. Karatasi inaonekana safi kabisa na yote ni uongo.

Namna ya kulikamata: toa safu ya asubuhi kwenye safu ya usiku. Arusha 06:00 na 19:00, tofauti 13:00. Boma 07:20 na 20:20, tofauti 13:00. Same 10:05 na 23:05, 13:00. Mombo 11:50 na 00:50, ukiongeza 24 kwenye 00:50 unapata 24:50, tofauti tena 13:00. Kwenye ratiba hii tofauti ni ileile mpaka Dar. Sasa tuseme kistari kimepotea: Usa River itasoma 06:35 na 20:20, tofauti 13:45, na Boma 07:20 na 20:50, tofauti 13:30. Namba zinaanza kuyumba hapohapo kilipopotea kistari. Si kila ratiba ina tofauti isiyobadilika, mabasi ya usiku mara nyingi huenda kwa mwendo mwingine, lakini mruko wa ghafla ni dalili ya kurudi kwenye picha.

#14 KaratasiNaGundi

Nimejaribu hesabu hiyo kwenye jibu la kitafsiri. Ilikuwa imepanda mstari mmoja kweli! Na Dar ilikuwa tupu nikadhani picha imekatwa.

Sasa tarakimu. Niweke ٠٦:٠٠ au niache 06:00?

#15 shekhe_wa_Majengo

Za Kiarabu, bila shaka. Karatasi ya Kiarabu yenye tarakimu za Kizungu ni kama kanzu na kofia ya pikipiki.

#16 Tarakimu24

Shekhe umenichekesha. Kwa Mmisri hizo ndizo za kila siku, kweli. Kwa Mmoroko, Mtunisia au Mwaljeria hapana, wao shuleni na barabarani wanatumia 0 1 2 3 kama sisi. Kundi hili halina hao, kwa hiyo zote mbili zingesomeka.

Mimi bado ningeacha 06:00 kwa sababu ileile ya mama_tiketi: tiketi na ubao vina 06:00. Halafu kuna suala la uchapishaji. Sifuri ya Kiarabu ni nukta ٠ na tano ni kiduara ٥. Angalia Mombo: 00:50 inakuwa ٠٠:٥٠. Ikichapwa kwa herufi ndogo kwenye mashine iliyoishiwa wino, nukta zinapotea na mtu anayesoma haraka akitokea kwenye tarakimu zetu ataiona ile ٥ kama sifuri.

#17 Mzee_wa_Irabu

Hapa nitamtetea shekhe kwa jambo moja la kiufundi, maana tarakimu za Kiarabu zina faida moja ambayo wengi hawaijui. Ni kwenye kistari cha Moshi, 07:50-08:10.

Ukurasa ukiwa wa kulia kwenda kushoto, seli yenye namba tupu na kistari cha kawaida cha kibodi, yaani `07:50-08:10`, kivinjari huichukua kama namba moja ndefu na kuiacha kushoto kwenda kulia. Mwarabu anaanza kulia, kwa hiyo anakutana na 08:10 kwanza, anadhani basi linafika saa mbili na dakika kumi. Lakini ukiandika neno la Kiarabu kabla yake ndani ya seli hiyohiyo, `موشي 07:50-08:10`, namba zinageuka mpangilio, 07:50 inakaa kulia. Maandishi yaleyale, jedwali lilelile, mielekeo miwili. Ukitumia ٠٧:٥٠-٠٨:١٠ inakaa kulia kwenda kushoto siku zote.

Nukta mbili za saa hazina tatizo, 07:50 haitageuka kuwa 50:07 kwa tarakimu zozote kati ya hizi. Kinacholeta balaa ni kistari.

#18 Tarakimu24

Sahihi mzee, na dawa yangu ni kutotumia kistari kabisa. Gawa Moshi mistari miwili: kufika وصول na kuondoka مغادرة. Hakuna kipindi, hakuna kugeuka.

Hivyohivyo kwenye "+1" ya Dar. Kwenye ukurasa wa Kiarabu ile alama inahama na kuwa 1+, na hata ikikaa vizuri mgeni hajui ni nini. Andika اليوم التالي. Tena usiiweke Dar tu kama kwenye picha. Siku inabadilika kabla ya Mombo, kwa hiyo anayeshuka Korogwe saa 01:30 naye anahitaji kujua kwamba ni tarehe ya kesho yake, hasa akiwa na mtu wa kumpokea.

#19 dereva_wa_reli

Samahani nachomekea. Mimi nina picha ya ratiba ya treni ya Moshi, ina mshale "DAR → MOSHI → ARUSHA" juu. Nimeandika kwa Kiarabu, mshale umebaki. Mwarabu mmoja akaniuliza kwa nini treni inatoka Arusha kwenda Dar.

#20 Mzee_wa_Irabu

Kwa sababu mabano hugeuka yenyewe kwenye maandishi ya Kiarabu lakini mishale haigeuki. Dar imehamia kulia, Arusha kushoto, na mshale bado unaelekea kulia, yaani unarudi Dar. Uandike mwenyewe ←, au afadhali tumia maneno: من دار السلام إلى أروشا. Na kwenye treni angalia safu, mara nyingi ratiba ya reli ina safari ya kwenda inasomwa kushuka na ya kurudi inasomwa kupanda kwenye jedwali moja. Kwa Kiarabu zitenganishe ziwe majedwali mawili.

#21 KaratasiNaGundi

Natumia Excel. Nimehamisha safu kwa mkono, majina nikayaweka kulia na saa kushoto, halafu nikabonyeza Sheet Right-to-Left. Sasa majina yamerudi kushoto.

#22 Tarakimu24

Umegeuza mara mbili. Ile amri inahamisha safu A kwenda kulia yenyewe. Rudisha majina safu A, saa za asubuhi B, usiku C, Kilatini D, kisha bonyeza mara moja. Na kabla ya kuandika saa, weka seli kuwa maandishi, au mpangilio wa `hh:mm`, la sivyo 06:00 inaweza kuonekana 6:00 na sifuri ya mbele ikapotea.

Kama utaituma kwa ujumbe wa simu badala ya karatasi, mstari uanze na jina la Kiarabu. Simu nyingi huamua mwelekeo wa mstari kwa herufi ya kwanza inayoikuta, ukianza na "Same" kwa Kilatini mstari wote unaelekea upande wetu.

Hii hapa, bila safu ya Kilatini:

```
من أروشا إلى دار السلام | صباحية | ليلية
أروشا | 06:00 | 19:00
أوسا ريفر | 06:35 | لا يتوقف
بوما نغومبي | 07:20 | 20:20
موشي وصول | 07:50 | 20:50
موشي مغادرة | 08:10 | 21:10
هيمو | 08:45 | 21:45
سامي | 10:05 | 23:05
مومبو | 11:50 | 00:50 اليوم التالي
كوروغوي | 12:30 | 01:30 اليوم التالي
تشالينزي | 15:15 | 04:15 اليوم التالي
دار السلام (مبيزي) | 17:45 | 06:45 اليوم التالي
```

#23 mama_tiketi (Arusha)

Nzuri. Pembeni andika na tarehe uliyopiga picha. Ratiba za ukutani hubadilishwa kwa kalamu juu ya karatasi ileile.

#24 Mpare_halisi

Na Same?

#25 KaratasiNaGundi

Nimeiacha سامي na Kilatini pembeni, kaka. Nitamwomba mmoja wa Wamisri aisome kwa sauti kabla sijachapa. Akisema "Sami" naiweka ile yako, nione atasemaje.

#26 shekhe_wa_Majengo

Msomeshe na Mbezi pia. Hiyo ndiyo itakayowashinda.